Unga Umepanda, Maziwa Yamelala

Tarehe 20 Julai 2022, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi, iliyokuwa imefika shilingi 205, ingeuzwa kwa shilingi 100. Uchaguzi ulikuwa umebakisha wiki tatu kasoro, kwa hiyo mjadala wote ukaenda kwenye siasa ya tangazo lile. Mimi swali langu lilikuwa la nyuma yake. Mwanzoni mwa mwaka ule tulikuwa tukiununua unga huohuo kwa kama shilingi 130. Ulipanda wiki baada ya wiki, watu wakalalamika redioni na kwenye matatu, na bado jioni walipita dukani wakaubeba. Haukurundikana. Kitu kinapanda bei kwa zaidi ya nusu na bado kinaondoka. Kwa nini?

Nilimuuliza mama mmoja mwenye duka la rejareja mtaani kwetu Kisauni, ambaye nimekuwa mteja wake tangu nikitumwa sukari ya robo. Hakufikiri sana. "Mwanangu, unga hawaachi," aliniambia. "Maziwa ndiyo wameacha. Zamani nilikuwa nachukua kreti mbili, sasa moja, na hiyo moja yalala." Nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu, kwa sababu linasema jambo ambalo vitabu vingi vya uchumi hulitaja kwa haraka kisha vikapita.

Kipimo chenyewe kinaitwa unyumbufu wa mahitaji kwa bei. Mwanauchumi Mwingereza Alfred Marshall ndiye aliyekipa jina na sura yake mwaka 1890, na hesabu yake haimshindi mtu yeyote aliyewahi kuweka daftari la duka. Unachukua asilimia ambayo mauzo yamepungua, unaigawa kwa asilimia ambayo bei imepanda. Jibu likizidi 1, mahitaji yananyumbuka: bei ikipanda kidogo wateja wanakimbia sana. Jibu likiwa chini ya 1, hayanyumbuki sawasawa: bei inapanda, wateja wanapungua kidogo tu, na muuzaji anaishia kukusanya fedha nyingi kuliko mwanzo.

Neno letu lenyewe, mahitaji, lina mtego hapa. Kwa Kiswahili cha kila siku, mahitaji ni yale ambayo mtu hawezi kukaa bila. Katika uchumi neno hilo limebebeshwa kitu kingine: hamu ya kununua iliyo na fedha mkononi. Mtoto mwenye njaa ambaye mamake hana hata shilingi kumi hana mahitaji ya unga kwa maana hii ya pili. Haonekani popote kwenye hesabu. Na mtu aliyenunua unga kwa 205 baada ya kukopa kwa jirani anaonekana sawa kabisa na aliyeulipia bila hata kutazama risiti. Tukisahau tofauti hiyo tutasoma vibaya kila takwimu ya mauzo itakayotujia.

Sasa tufanye hesabu ya kaya moja. Tarakimu ni zangu za mfano, lakini bei ni za mwaka ule. Watu watano, pakiti 20 za unga kwa mwezi. Kwa shilingi 130 unga unakula shilingi 2,600. Fedha ya chakula yote ni 8,000, kwa hiyo zinabaki 5,400 za maziwa, mafuta, mboga, maharagwe, sukari na nyama ya siku moja moja. Bei inafika 205, yaani imepanda kwa takriban asilimia 58. Mama wa nyumba anabana: sima inapikwa ndogo kidogo, makombo ya jana hayatupwi, na pakiti zinashuka kutoka 20 hadi 18. Hilo ni punguzo la asilimia 10. Gawanya 10 kwa 58, unapata kama 0.17. Mahitaji ya unga katika nyumba hii yananyumbuka kidogo sana, na mtu wa takwimu angeweza kuandika kwamba kaya imestahimili kupanda kwa bei.

Lakini pakiti 18 kwa 205 ni shilingi 3,690. Mshahara haujaongezeka, kwa hiyo shilingi 1,090 zimetoka mahali. Kaya hii ilikuwa ikinunua pakiti moja ya maziwa ya nusu lita kila siku kwa kama shilingi 60. Ikianza kununua siku moja na kuruka moja, inaokoa 900. Zile 190 zilizobaki zinatoka kwenye mafuta ya kupikia. Asubuhi ya siku inayorukwa watoto wanakunywa mkandaa. Tazama basi: unga, uliopanda bei, umepoteza asilimia 10 ya mauzo. Maziwa, ambayo katika mfano huu hayakupanda hata senti moja, yamepoteza asilimia 50. Kreti iliyolala pale Kisauni ililazwa na bei ya unga.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema bidhaa isiyonyumbuka ni bidhaa ambayo wateja "wanaimudu". Unyumbufu mdogo hauelezi kama bei imeuma. Unaeleza kwamba maumivu hayakuonekana kwenye rafu ile, na mwenye kuyatafuta itambidi asogee rafu nyingine.

Kwa nini basi mama huyu asipunguze unga zaidi na kuyaacha maziwa? Watu husema ni mazoea, kwamba Mkenya hajala mpaka ale ugali. Mazoea yapo, lakini kuna sababu iliyo ngumu zaidi, na inapatikana kwa kugawa. Pakiti ya kilo mbili ina takriban kalori 7,000. Kwa shilingi 130, kila shilingi ilikuwa inanunua kalori kama 54. Kwa 205 inanunua kama 34. Ni hasara kubwa. Lakini maziwa ya nusu lita yana kalori kama 300 kwa shilingi 60, yaani 5 kwa shilingi. Hata baada ya kupanda kote kule, unga bado unajaza tumbo karibu mara saba zaidi ya maziwa kwa shilingi ileile. Mtu ambaye shabaha yake ya kwanza ni watoto walale wakiwa wameshiba hana pa kukimbilia. Anayemwambia ahamie kwenye chakula kingine hajakaa na hesabu hiyo.

Vibadala vinavyoweza kuukaribia unga ni vichache: mchele wa bei ya chini, unga wa ngano, mihogo, ndizi. Mchele ukiupata kwa 130 kwa kilo unakupa kalori kama 28 kwa shilingi, na kwa hakika unga ulipofika 200 baadhi ya nyumba zilianza kupika wali siku mbili tatu kwa wiki. Hapo ndipo mpaka ulipo: unga ungepanda hadi 250 huku mchele ukibaki palepale, lile jibu la 0.17 lisingesimama. Kunyumbuka kwa mahitaji hubadilika kadiri bei inavyosogea karibu na bei ya kibadala. Kwa bahati mbaya mwaka 2022 vibadala navyo vilipanda. Vita vya Ukraine vilivyoanza Februari vilipandisha ngano duniani, kwa hiyo chapati haikuwa njia ya kutokea. Ukame ulikuwa umekausha mashamba ya hapa nyumbani. Milango yote ilijifunga kwa pamoja, na mtu akionekana amebaki ndani ya chumba usiharakishe kusema anakipenda.

Kuna hali moja ambapo mambo hugeuka zaidi ya hapo: bei ya chakula kikuu inapanda na watu wananunua kingi zaidi. Marshall aliiandika mwaka 1895 kuhusu mkate na familia za vibarua wa Uingereza, akimtaja Robert Giffen kama aliyempa wazo hilo, na kwa zaidi ya miaka mia wachumi walibishana kama imewahi kutokea kweli. Robert Jensen na Nolan Miller walikwenda kuitafuta China. Waliwapa kaya maskini katika mkoa wa Hunan vocha za kupunguza bei ya mchele kwa miezi mitano, kisha wakaangalia walikula nini. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2008, yanashangaza ukiyasikia mara ya kwanza. Mchele uliposhuka bei, kaya nyingi zilikula mchele mchache, kwa sababu fedha iliyookolewa ilinunua vitoweo. Vocha zilipoondolewa na bei kurudi juu, vitoweo vikapungua, na pengo la tumbo likajazwa kwa mchele.

Kilichonivutia zaidi katika utafiti ule ni nani aliyefanya hivyo. Maskini kabisa, ambao karibu kila walichokula kilikuwa mchele, hawakufanya hivyo. Hawakuwa na kitoweo cha kukata. Kwao mchele kupanda kulimaanisha kula kidogo tu. Wenye afadhali nao hawakufanya hivyo. Waliofanya hivyo ni wale wa katikati ya umaskini, wenye chakula kikuu kingi na kitoweo kidogo juu yake. Rudi sasa kwenye kaya yetu ya watu watano. Imekata nusu ya maziwa. Bei ikiendelea kupanda, itakata yaliyobaki, kisha maharagwe, na kila inapokata, kalori za kilichokatwa zinapaswa kurudishwa na kitu. Kitu hicho ni sima. Punguzo la pakiti mbili tulilohesabu linaweza kufutika, na mauzo ya unga yakarudi 20 huku bei ikiwa juu zaidi. Sidai kwamba Kenya nzima ilifika hapo mwaka 2022. Ninachosema ni kwamba kwa kaya ya aina ile, mauzo ya unga kutoshuka ni habari mbaya.

Nirudi kidogo dukani, kwa sababu hadi hapa nimesema "unga" kana kwamba ni kitu kimoja. Mwenye duka anajua sivyo. Kwenye rafu yake kuna chapa nne. Mwenye kiwanda mmoja akiongeza shilingi tano peke yake, wateja wanachukua pakiti ya jirani yake bila hata kuuliza; unga unatoka viwandani karibu sawa na mahindi ni yaleyale. Mahitaji ya chapa moja yananyumbuka sana. Ni mahitaji ya unga wote kwa jumla ambayo hayanyumbuki. Na hata humo ndani kuna ngazi: bei ya pakiti ilipozidi, wengine walinunua mahindi kwa gorogoro wakaenda kuyasaga kwenye kinu cha posho, wakapata unga usiokobolewa kwa bei ya chini. Takwimu za viwanda zingesema wateja wamepungua. Meza za nyumbani zingesema sima iko palepale.

Jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Katika soko la namna hii, kiwanda kimoja hakiwezi kupandisha bei bila kuadhibiwa na wateja, lakini viwanda vyote vikipandisha siku moja havipati adhabu yoyote. Ndiyo maana makubaliano ya kichinichini ya bei huwa na faida kubwa zaidi kwenye bidhaa ambazo watu hawawezi kuziacha, na ndiyo maana Mamlaka ya Ushindani inapaswa kuuangalia unga kwa jicho kali kuliko inavyoangalia soda. Si kila kupanda kwa pamoja ni njama. Gunia la mahindi la kilo 90 likipanda, kila msagaji atapandisha. Dalili ya kutafuta ni wakati wa kushuka: gunia limeshuka, na pakiti zote zimebaki juu kwa pamoja.

Mtu atasema tungepata jibu zuri kwa kulinganisha mauzo ya unga kwa 205 na mauzo baada ya ruzuku, kwa 100. Nilidhani hivyo pia. Tatizo ni kwamba unga wa 100 haukuonekana kirahisi. Maduka mengi hayakuupata, yaliyoupata yaliumaliza asubuhi, na mpango wenyewe ulikuwa wa wiki chache. Pale rafu inapokuwa tupu, idadi ya pakiti zilizouzwa inakueleza ni ngapi zilizoletwa, na haikuelezi lolote kuhusu ngapi zingenunuliwa. Kosa hili hufanywa hata na watu waliosoma: wanachukua bei mbili na mauzo mawili, wanachora mstari, wanauita unyumbufu. Kabla ya kuchora, uliza kama mteja wa mwisho wa siku ile aliondoka mikono mitupu.

Uliza pia ni nani hasa mnunuzi. Septemba 2018 Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Kwa miaka mingi tuliambiwa mafuta ya taa ni ya maskini, wanaowasha koroboi na kupikia stovu, na kwamba hawana pengine pa kwenda. Kama hiyo ndiyo ingekuwa habari yote, mauzo yangeshuka kidogo na maskini wangelipa. Mauzo yaliporomoka, yakawa chini ya nusu katika muda mfupi. Ilikuwa wazi sasa kwamba sehemu kubwa ya mafuta yale haikuwa ikienda kwenye koroboi. Yalikuwa yakichanganywa kwenye dizeli, na mchanganyaji alikuwa mnunuzi mwepesi kuliko wote: anaishi kwa tofauti ya bei kati ya vitu viwili, na tofauti ile ilipofutika akatoweka. Hilo ndilo lililokusudiwa na ushuru ule. Lakini ndani ya takwimu hiyohiyo ya kuporomoka walikuwemo watu wa vyumba vya mabati waliobaki wakinunua ya shilingi ishirini ishirini kwa bei mpya, na hakuna takwimu ya jumla iliyowatenga.

Mafuta ya taa yalikuwa na kitu kingine ambacho unga hauna, nacho ni mahali pa kuhamia kwa muda. Katika sensa ya 2009, kaya zilizopikia gesi nchini zilikuwa kama asilimia 5. Katika ile ya 2019 zilikuwa karibu asilimia 24. Ukiwa na miaka kumi unaweza kununua mtungi, ukajifunza kuutumia, ukaachana na stovu. Bidhaa inayoonekana haiachiki kwa mwezi mmoja huachika kwa muongo, kama kibadala chake kinajengwa wakati huo. Upande wa unga hatujajenga. Mtama na mihogo vinajulikana vizuri tangu kwa bibi zetu, lakini viwanda, magari na rafu vimepangwa kwa mahindi.

Ninayaandika haya kwa sababu ya kodi. Mwaka 1927 Mwingereza mwingine, Frank Ramsey, alithibitisha kwa hesabu kwamba serikali inayotaka mapato bila kuvuruga soko itoze zaidi vitu ambavyo mahitaji yake hayanyumbuki. Hesabu yake haina kosa. Watu hawataacha kununua, kwa hiyo mapato hayatakimbia. Lakini vitu hivyo ni vipi? Ni chumvi, unga, mkate, nauli, dawa. Ramsey mwenyewe aliacha nje swali la nani maskini na nani tajiri ili hesabu ikae sawa, na kila anayeitumia leo bila kulirudisha swali hilo anatumia nusu tu ya kazi.

Muswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa Juni kabla hata muswada mzima haujarudishwa, siku ileile vijana walipoanza kuingia barabarani. Mkate wa gramu 400 uliokuwa 65 ungesogea hadi kama 75. Sina shaka kwamba watu wangeendelea kuununua, na mwezi wa kwanza Hazina ingetazama jedwali na kuona makadirio yametimia. Jedwali hilo lingekuwa na safu moja tu, ya mkate.

Pendekezo langu kwa wanaoandaa makadirio hayo ni dogo na linawezekana. Shirika la Takwimu tayari hufanya utafiti wa matumizi ya kaya, na maswali ya maziwa, mayai na maharagwe yamo humo. Kabla ya kutoza chochote kisichonyumbuka, wachapishe pamoja na mapato yanayotarajiwa vitu vitatu ambavyo kaya za tabaka la chini zitapunguza ili kulipia kodi hiyo, na kwa kiasi gani. Wabunge waione safu hiyo ya pili kabla ya kupiga kura. Yule mama wa Kisauni huijua kila jioni anapohesabu maziwa yaliyobaki kwenye kreti, na siku hizi huyageuza mala ili yasimharibikie.